Afisa anaondoka wiki ijayo na faili zote za takwimu ziko kwenye Gmail yake: zinahamishwaje, na ni za nani?

Mratibu_Ilemela · Jumatatu, saa 2:40 asubuhi

Salaam kwenu nyote. Ninaratibu shirika dogo lenye watumishi 14 hapa Mwanza, na kazi yetu kubwa ni kukusanya takwimu za dagaa katika mialo 9, ikiwemo Igombe na Kayenze. Kila asubuhi mtakwimu wa mwalo hujaza fomu kwa simu yake: mitumbwi mingapi imerudi, ndoo ngapi zimeshushwa, na bei ya ndoo ilikuwa kiasi gani. Majibu yote huingia katika jedwali moja ambalo tumekuwa tukilitumia tangu mwaka 2019.

Afisa wetu wa ufuatiliaji na tathmini amepata kazi Dodoma, na siku yake ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Folda ya takwimu aliifungua yeye kwenye Google Drive kwa Gmail yake binafsi, wakati ambapo shirika halikuwa na barua pepe zake. Baadaye tulipata akaunti za shirika kupitia mpango wa Google wa mashirika yasiyotengeneza faida, lakini folda ilibaki palepale, na kwa kuwa sote tunaifungua na kuihariri, hakuna aliyewahi kujiuliza ni ya nani. Juzi nilifungua maelezo ya jedwali lile kubwa nikakuta penye neno `Owner` limeandikwa jina lake.

Hatuna ugomvi naye hata kidogo, na yuko tayari kusaidia. Ninaomba kujua tufanye nini katika siku hizi 11 zilizobaki, na zaidi ya hapo, kwa haki, faili hizi ni za nani.

---

Kijana_wa_Pasiansi · Jumatatu, saa 3:15 asubuhi

Mkuu, usijisumbue. Msimamizi wa mfumo wenu aingie kwenye ukurasa wa usimamizi, achague kuhamisha umiliki, aandike akaunti ya anayeondoka na ya anayepokea, kisha abonyeze. Ofisini kwetu tulifanya hivyo kwa dakika tano. Faili zote zilitokea kwa mpokeaji ndani ya folda moja yenye barua pepe ya yule aliyeondoka.

---

FundiMifumo_Nyegezi · Jumatatu, saa 4:02 asubuhi

Alichoeleza kijana ni kweli, ila ni kweli kwa akaunti zilizo chini ya anwani ya shirika peke yake. Msimamizi ana mamlaka juu ya akaunti alizozifungua yeye. Gmail binafsi ya afisa haimo katika orodha yake, na akiandika anwani hiyo katika ukurasa ule hatapata kitu. Wala afisa mwenyewe hawezi kumpa mratibu umiliki kwa kubadilisha neno `Editor` kuwa `Owner`, kwa sababu umiliki haupiti moja kwa moja kutoka Gmail binafsi kwenda kwa akaunti ya shirika.

Linalowachanganya wengi ni kwamba folda iliyoshirikiwa na hifadhi ya pamoja zinafanana sana machoni, ilhali ni vitu viwili tofauti kabisa. Folda iliyo ndani ya `My Drive` ya mtu, hata akiishirikisha kwa watumishi 200, inabaki yake. Na ndani ya folda hiyo kila faili ina mmiliki wake, yaani yule aliyeiunda, awe mwenye folda au mwingine. Kwa hiyo folda yenu moja inaweza kuwa na wamiliki 6 msiowajua. Hifadhi ya pamoja, ile inayoonekana upande wa kushoto kwa jina `Shared drives`, iko tofauti: faili ikishaingia humo haina mtu anayeimiliki, inamilikiwa na shirika, na aliyeiunda akifutwa kesho asubuhi faili haitikisiki.

Kwa hiyo kabla ya kuhamisha chochote, hesabuni kwanza. Ingieni kwenye folda, na katika kisanduku cha kutafutia muandike hivi, mkibadilisha anwani kila mara:

```
owner:jina@gmail.com
```

Fanyeni hivyo kwa kila mtu aliyewahi kufanya kazi hapo, wakiwemo wa kujitolea, kisha mniletee idadi. Tutajua la kufanya tukishaona hesabu.

---

Katibu_Nansio · Jumatatu, saa 5:30 asubuhi

Poleni sana. Hata sisi huku Ukerewe jambo hili lilitutesa. Mhasibu wa chama chetu aliondoka na ile drayvu nyeusi ya terabaiti moja, akasema aliinunua kwa fedha yake, na risiti anayo. Tulikaa vikao vitatu. Mwishowe alikubali kuirudisha, lakini tulipoichomeka ikawa inalia tu, haifunguki. Ushauri wangu ni kwamba shirika linunue drayvu zake na kuziandika kwenye rejista ya mali.

---

FundiMifumo_Nyegezi · Jumatatu, saa 5:48 asubuhi

Katibu, pole kwa yaliyowapata. Hapa hatuzungumzii diski ya kuchomeka, tunazungumzia faili zilizo mtandaoni kwenye akaunti. Lakini kisa chako kinafanana na hiki kwa jambo moja: chombo kilikuwa cha mhasibu, taarifa zilikuwa za chama, na hakuna aliyezitenganisha mapema.

---

Mratibu_Ilemela · Jumanne, saa 9:20 alasiri

Fundi, tumehesabu na afisa akiwa ameketi pembeni yangu. Kwa Gmail yake zipo faili 312, zikiwemo fomu, jedwali kuu na picha za daftari za mialoni. Kwa akaunti za shirika zipo 97. Kwa Gmail ya mtakwimu wa zamani wa Kayenze zipo 8. Halafu kuna jambo lililonishtua. Kwenye ripoti zetu za robo mwaka kuna viungo 5 vinavyopelekea ramani za mialo, na vyote vikibonyezwa vinasema faili haipo. Ramani hizo zilichorwa na kijana wa kujitolea aliyekuwa na akaunti ya shirika. Alipomaliza muda wake, akaunti yake ilifutwa ili nafasi apewe mwingine. Ni kama miezi minne sasa.

---

FundiMifumo_Nyegezi · Jumanne, saa 11:05 jioni

Hizo ramani 5 zimekwenda, mratibu, na sipendi kukupa matumaini. Akaunti ya shirika ikifutwa, msimamizi ana siku 20 za kuirudisha, na baada ya hapo Google huondoa kila kitu ambacho hakikuhamishwa. Wakati wa kufuta, ukurasa wenyewe huuliza kama unataka faili zipelekwe kwa mtu mwingine. Aliyefuta huenda aliruka swali hilo kwa haraka. Tafuteni kama kuna aliyewahi kuzipakua au kuzituma kwa barua pepe. Siku nyingine msifute kwanza. Isimamisheni akaunti: mwenyewe hataweza kuingia, lakini faili alizowashirikisha wenzake zitaendelea kufunguka huku mkipanga uhamisho.

Sasa zile 312. Fungueni hifadhi ya pamoja kutoka akaunti ya shirika, na ndani yake mtengeneze folda upya kwa majina yale yale. Mwalikeni afisa kwa Gmail yake kama mwanachama mwenye ngazi ya `Contributor`. Ngazi hiyo inamruhusu kuingiza faili lakini haimruhusu kufuta wala kuziondoa zikishaingia, jambo linalomlinda hata yeye asije akalaumiwa. Msimamizi lazima awe ameruhusu watu wa nje kuongezwa katika hifadhi za pamoja, la sivyo mwaliko utakataliwa. Kisha afisa mwenyewe, akiwa ndani ya Gmail yake, achague faili na kuzihamishia humo. Ni yeye tu anayeweza kulifanya hili, ndiyo maana ninasisitiza lifanyike kabla ya Ijumaa ile. Huyo wa Kayenze naye mwombeni afanye vivyo hivyo kwa zile 8.

Msitarajie kuiburuta folda nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa Gmail binafsi, niliowahi kuwashughulikia walilazimika kuhamisha faili zenyewe, folda baada ya folda. Kwa faili 312 ni kazi ya asubuhi moja.

---

Kijana_wa_Pasiansi · Jumanne, saa 1:10 usiku

Kwa nini kujitesa hivyo? Mratibu anaweza kutengeneza nakala ya kila faili kwa akaunti ya shirika. Nakala inakuwa yake, na afisa aende zake na faili za zamani.

---

Mama_Mahesabu · Jumanne, saa 2:25 usiku

Mwanangu wa Pasiansi, hilo la nakala nimelipitia, na ninaomba msilifanye kwa fomu inayotumika.

Tulikuwa na fomu ya marejesho ya mikopo midogo ya akina mama wauza dagaa, na majibu yake yaliingia kwenye jedwali la kijana mmoja aliyekuwa anahama. Nikatengeneza nakala ya jedwali, na jedwali lililounganishwa na fomu ukilinakili, fomu nayo hunakiliwa ikawa mpya yenye kiungo kipya. Mimi nikafurahi kwamba sasa vyote ni vyetu. Lakini viongozi wa vikundi walikuwa wamehifadhi kiungo cha zamani kwenye simu zao, wengine kwenye kundi la WhatsApp, nao wakaendelea kujaza kule kule. Siku 11 jedwali langu halikuongezeka hata mstari mmoja, na mimi nikadhani watu wamechelewesha marejesho. Nilimpigia mama mmoja kumkumbusha deni, akanijibu kwa hasira kwamba amelipa na kujaza fomu mara mbili. Ndipo nilipoelewa kwamba majibu yalikuwa yanaingia kwa kijana aliyekwisha kuhama.

Faili ikihamishwa badala ya kunakiliwa, kiungo hubaki kile kile. Hilo peke yake linatosha kunifanya nichague njia ndefu.

---

FundiMifumo_Nyegezi · Jumanne, saa 2:50 usiku

Mama amesema vizuri kuliko mimi. Nakala pia huanza historia upya: yale marekebisho ya tangu 2019, yanayoonyesha nani alibadilisha idadi ya ndoo za mwalo gani na lini, hayaji na nakala. Kwa shirika la takwimu huo ni ushahidi wenu mbele ya mfadhili. Kwa faili zisizobadilika, kama picha za daftari, nakala haina ubaya.

Mratibu, nikuulize jambo. Wavuvi wa dagaa huwa hawaingii ziwani kipindi cha mbalamwezi. Kipindi hicho kinaangukia lini kwenu?

---

Mratibu_Ilemela · Jumatano, saa 1:35 asubuhi

Kinaanza Jumamosi hii. Mialo itakuwa kimya karibu wiki nzima.

---

FundiMifumo_Nyegezi · Jumatano, saa 1:52 asubuhi

Basi hamisheni fomu na jedwali kuu Jumatatu, kukiwa kimya. Muzihamishe zote mbili kwa pamoja, kisha mtu mmoja ajaze fomu kwa kiungo cha zamani kutoka simu isiyo ya ofisini, na muone kama mstari mpya umeonekana katika jedwali. Ukionekana, mko salama, na mkaufute mstari huo wa majaribio. Usipoonekana, mna siku kadhaa za kurekebisha kabla giza halijarudi na mitumbwi kuingia ziwani.

Muangalie pia wanaofungua jedwali. Aliyeshirikishwa faili yenyewe kwa jina lake ataendelea kuiona, lakini aliyekuwa anaiona kwa sababu tu alishirikishwa ile folda ya zamani atafungiwa nje mpaka mumwongeze katika hifadhi ya pamoja. Simu za malalamiko za siku ya kwanza nyingi hutokana na hilo.

---

Mdau_wa_Mabatini · Jumatano, saa 4:40 asubuhi

Ninyi mna huruma sana. Mwambieni aandike nywila ya Gmail yake kwenye fomu ya makabidhiano, na mshahara wa mwisho ukae hapo mpaka faili zote zionekane. Hata kompyuta mpakato mtu hairudishi bila kushikiwa kitu.

---

Wakili_Mstaafu · Jumatano, saa 6:15 mchana

Ndugu wa Mabatini, ushauri huo utaliingiza shirika katika mgogoro ambao sasa halina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka ya makato ya mshahara, na pia imeorodhesha stahiki za mtumishi mkataba unapokoma. Faili ambayo haijahamishwa si sababu ya kushikilia ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika. Na nywila ya Gmail ya mtu inafungua barua zake, picha za wanawe na mambo ya benki yake. Hakuna mwajiri anayepaswa kuiomba, na mtumishi anafanya vema kuikataa.

Sasa niliguse swali la pili la mratibu, ambalo mafundi wamelipita. Umiliki unaosomeka kwenye skrini ni suala la nani ana ufunguo. Haki juu ya kilichoandikwa ni suala jingine, na linaanzia kwenye mkataba wa ajira. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, lakini mbele ya msuluhishi utaulizwa kwanza mkataba wako unasema nini kuhusu kazi inayotengenezwa wakati wa ajira. Kwa afisa aliyeajiriwa kukusanya takwimu hizo hizo, sioni hoja ngumu. Kwa yule wa kujitolea aliyechora ramani bila mkataba wowote, ningekuwa mwangalifu zaidi, na hata ramani zikipatikana kwake, ningemwomba badala ya kumdai.

Kuna upande ambao naona ni mzito kuliko hakimiliki. Mratibu, je, majedwali hayo yana majina na namba za simu za wavuvi?

---

Mratibu_Ilemela · Jumatano, saa 7:02 mchana

Yanayo, mzee wangu. Majina, namba za simu, na kwa baadhi yao kiasi cha mkopo wa injini.

---

Wakili_Mstaafu · Jumatano, saa 7:30 mchana

Basi tangu Mei 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mwenye kuulizwa ni shirika, liwe limehifadhi taarifa hizo kwenye kabati lake au kwenye Gmail ya mtumishi. Mvuvi wa Igombe alitoa namba yake kwa shirika, hakumpa dada huyu aende nayo Dodoma. Kwa hiyo makabidhiano yenu yawe na karatasi fupi ambayo afisa anatia saini kwamba amehamisha faili zilizoorodheshwa, na kwamba hakubaki na nakala kwenye akaunti, simu wala kompyuta yake. Nanyi mtie saini kwamba mmezipokea, maana akiulizwa mwaka kesho naye anahitaji ulinzi.

---

Afisa_Manunuzi_Nyakato · Jumatano, saa 10:45 jioni

Je, sisi tunaotumia mfumo wa Microsoft tuko salama? Ofisini tuna Teams, na ninajua faili zetu ziko pamoja.

---

FundiMifumo_Nyegezi · Jumatano, saa 12:20 jioni

Nusu mko salama, dada. Faili iliyowekwa kwenye chaneli ya timu inakaa SharePoint ya timu, haiondoki na mtu. Lakini ile unayomtumia mwenzako kwenye mazungumzo ya faragha inakaa OneDrive ya aliyeituma, na wengi hufanya kazi nzima ya zabuni humo humo kwenye mazungumzo. Akaunti ya mtu ikifutwa, OneDrive yake hutunzwa siku 30 kama msimamizi hajabadilisha muda huo. Angalieni mikataba yenu ya manunuzi ilikopitia.

---

Mratibu_Ilemela · Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa 3:10 asubuhi

Ninarudi na taarifa. Kesho ndiyo siku yake ya mwisho. Faili 309 kati ya 312 zimeingia katika hifadhi ya pamoja, na tatu zilizobaki zilikuwa barua zake mwenyewe za maombi ya kazi, ambazo tulicheka tukaziacha. Fomu tulihamisha Jumatatu, mama mmoja wa Kirumba akaijaza kwa simu yake, na mstari ukaonekana papo hapo. Mtakwimu wa Kayenze amehamisha zake 8. Ramani tano hazikupatikana mtandaoni, lakini mbili zimeonekana zikiwa zimechapishwa na kubandikwa ukutani katika ofisi ya BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, tumezipiga picha.

Zile 97 za akaunti za shirika karibu tuzisahau. Afisa alipoondoa folda yake tuliyodhani ni tupu, wenzangu watatu walisema faili zao zimepotea. Tulizipata kwa kutafuta hivi katika akaunti ya kila mmoja, kisha tukazihamisha nazo:

```
is:unorganized owner:me
```

Limebaki jambo moja ambalo sikulitarajia. Kila Jumatatu saa 12 asubuhi jedwali lilikuwa linatuma muhtasari wa wiki kwa maafisa uvuvi wa wilaya. Jumatatu hii umekwenda kama kawaida. Afisa anasema muhtasari huo unatumwa na skripti aliyoiandika mwaka 2020. Je, baada ya kesho, tukimwondoa kwenye hifadhi, utaendelea kwenda?

---

FundiMifumo_Nyegezi · Alhamisi, saa 3:41 asubuhi

Hautakwenda. Faili imekuwa yenu, lakini ratiba inayoiamsha skripti bado ni ya akaunti iliyoiweka, na hutuma barua kwa ruhusa za akaunti hiyo. Mkimwondoa, ratiba itagonga mwamba, na taarifa ya hitilafu itatumwa kwake Dodoma, si kwenu. Leo hii fungueni jedwali kwa akaunti ya shirika, mwende `Extensions`, kisha `Apps Script`, kisha `Triggers`, muweke ratiba upya. Naye afute ya kwake, la sivyo maafisa uvuvi watapokea muhtasari mara mbili.

Iwekeni kwa akaunti ipi, hapo ndipo mimi na wenzangu huwa hatukubaliani. Mkiiweka kwa akaunti yako, mratibu, siku ukiondoka tutarudi hapa hapa. Wengine hufungua akaunti ya ofisi isiyo ya mtu, ila akaunti hiyo nayo nywila yake hushikwa na mtu.

---

Mama_Mahesabu · Alhamisi, saa 4:05 asubuhi

Na hiyo ya ofisi, namba ya simu ya kuthibitishia mtaweka ya nani? Kwetu tuliweka ya mlinzi wa zamu, kwa kuwa simu ile haitoki getini. Sisemi ni sahihi, lakini imefanya kazi mwaka wa pili sasa.

---

Mratibu_Ilemela · Alhamisi, saa 5:25 asubuhi

Nimeiweka kwa akaunti yangu kwa leo, na yeye amefuta ya kwake. La simu nitalipeleka kwenye kikao cha Jumatatu.